Lachi au flipflopu: kilichokipata kihesabio chako, na mahali ambapo ningechagua kinyume

*"Habari mtaalamu. Nilijenga kihesabio cha biti 4 kwa kijumlishi 74HC283 na chipu ya 74HC374, saa ikitoka kwenye 555 kwa mpigo mmoja kila sekunde. Kilihesabu vizuri kutoka 0 hadi 15. Nilipohitaji ile 374 kwingine, nikaweka 74HC373 mahali pake kwa kuwa miguu inalingana. Sasa kwa nusu sekunde taa zote 4 zinawaka hafifu, kisha nusu sekunde inatulia namba yoyote ile. Rafiki yangu anasema ni kelele za umeme, nimeongeza kapasita mara mbili bila mafanikio. Pia programu ya FPGA inanionya kuhusu lachi katika kazi nyingine. Je, lachi ni kitu kibovu? Kama ndivyo, kwa nini bado inauzwa?"*

Ndugu yangu, kapasita ulizoongeza ziache hapo hapo, kwa sababu hazidhuru chochote, lakini kelele za umeme hazihusiki na tatizo lako. Saketi yako inafanya kile kile ulichoiagiza, na ile nusu sekunde ya taa hafifu ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote. Taa ya LED inayoonekana kuwaka nusu mwanga kwenye saketi ya dijitali mara nyingi inawaka na kuzimika kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kwa nini kihesabio kinachopaswa kusogea hatua moja kwa sekunde kinabadilika kwa kasi hiyo, na kwa nini kinafanya hivyo kwa nusu tu ya kila sekunde?

Jibu liko kwenye mguu wa 11. Ni kweli kwamba 373 na 374 zinalingana mguu kwa mguu: maingizo 8, matokeo 8, umeme mahali pale pale, hata mguu wa 1 wa kuwezesha matokeo ni ule ule. Ila kwenye 374, ambayo ni flipflopu, mguu wa 11 unaitwa CP, na chipu huusikiliza pale tu unapopanda kutoka chini kwenda juu. Baada ya hapo ubaki juu kwa sekunde moja au kwa mwaka mzima, haitachukua kitu kingine mpaka upande tena. Kwenye 373, ambayo ni lachi, mguu huo huo unaitwa LE, na muda wote ukiwa juu, chipu iko wazi: chochote kilicho kwenye ingizo kinapita hadi kwenye tokeo, na kikibadilika, tokeo nalo linabadilika. Mguu ukishuka, lachi inafunga na kushika kile ilichokuwa nacho dakika hiyo. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba lachi hufuata kiwango cha saa na flipflopu hufuata ukingo wake.

Sasa izungukie saketi yako polepole. Matokeo ya chipu ya kuhifadhi yanaingia kwenye kijumlishi, kijumlishi kinaongeza 1, na jibu linarudi kwenye maingizo ya chipu ile ile. Ukiwa na 374, namba 5 inatoka, kijumlishi kinatayarisha 6, na hiyo 6 inasubiri mlangoni kwa utulivu mpaka ukingo unaofuata. Ukiwa na 373 iliyo wazi hakuna kusubiri. Ile 6 inapita mara moja, inatokea upande wa pili, kijumlishi kinaigeuza kuwa 7, nayo 7 inapita, na mzunguko unaendelea hivyo mpaka saa itakaposhuka. Hakuna namba ambayo ukiiongezea 1 inabaki ilivyokuwa, kwa hiyo kitanzi hicho hakina mahali pa kutulia.

Tukadirie kasi yake. Kwa volti 5, mawimbi huchukua takriban nanosekunde 15 kuvuka lachi ya familia ya 74HC, na takriban nanosekunde 20 kuvuka kijumlishi, yaani jumla ya 35 kwa mzunguko mmoja. Saa yako inakaa juu kwa karibu nusu sekunde, ambayo ni nanosekunde milioni 500. Ukigawanya, unapata mizunguko zaidi ya milioni 14 kabla lachi haijafungwa. Namba inayobaki baada ya hapo ni ile iliyokuwa ikipita wakati mlango unafungwa, na ndiyo maana huwezi kuitabiri. Kwa kweli hata kuita mwendo huo "kuhesabu" ni kuupa sifa isiyo yake, kwa kuwa biti 4 hazifiki kwa wakati mmoja: ile ya kwanza inageuka upesi, zile za juu zinangoja ile 1 inayobebwa kutoka biti za chini ivuke kijumlishi, na baada ya mizunguko michache biti za hatua tofauti zinakuwa zimechanganyika.

Unaweza kulithibitisha hili leo bila kifaa chochote. Ondoa waya wa saa kwenye 555 na uuguse kwenye volti 5 ubaki hapo: taa zote 4 zitawaka hafifu kwa muda wote. Uuguse kwenye volti 0: zitaganda kwenye namba moja. Rudisha 374, rudia jaribio, na utaona kwamba kuushikilia waya juu hakubadilishi kitu. Ukipata osiloskopu, weka ncha yake kwenye biti ya kwanza wakati LE iko juu. Biti hiyo hugeuka kila baada ya mzunguko mmoja, kwa hiyo utaona wimbi la karibu megahezi 14. Kelele za umeme hazifanyi hivyo; kelele hukuongezea hatua moja au mbili hapa na pale, wala hazina tabia ya kuanza na kukoma sawasawa na saa.

Huenda ukafikiri dawa ni kuufupisha mpigo wa saa, ufungue lachi kwa muda unaotosha mzunguko mmoja tu. Wazo hilo si la kipuuzi, na nitalirudia hapo chini kwa sababu wabunifu wa chipu hulitumia kweli. Kwenye bodi ya majaribio, hata hivyo, ungehitaji mpigo mrefu wa kutosha lachi iweze kunasa, lakini mfupi kuliko nanosekunde 35, na mipaka yote miwili inahama kadiri volti na joto vinavyobadilika. Waraka wa data hukuhakikishia muda mrefu zaidi ambao chipu itachukua; ni mara chache hukuhakikishia muda mfupi zaidi, na hapa ule mfupi ndio unaoutegemea. Saketi ingefanya kazi asubuhi na kukataa mchana, nawe usingejua pa kuanzia.

Watu wengi hufundishwa kwamba flipflopu ina kiungo cha pekee kinachohisi ukingo wa saa, na hapo ndipo dhana ya kwamba lachi ni kifaa duni inapozaliwa. Ukweli ni kwamba flipflopu ya kawaida ni lachi 2 zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, zikipokea saa kinyume. Saa ikiwa chini, ya kwanza iko wazi na ya pili imefungwa: data inaingia chumba cha kwanza lakini haiendi mbele. Saa ikipanda, ya kwanza inafungwa na ya pili inafunguliwa: kilichokuwa chumba cha kwanza kinatokea nje, lakini kipya hakiingii. Hakuna wakati ambapo njia nzima iko wazi toka ingizo hadi tokeo, na kwa sababu hiyo ile 6 yako haiwezi kujikuta imegeuka 7 ndani ya mpigo mmoja. Kile tunachokiita ukingo ni ule muda wa kupokezana tu.

Ukifika ndani zaidi, lachi yenyewe ni geti 2 za kugeuza zinazolishana kwa duara, na swichi 2 za transista. Lachi ikiwa wazi, swichi moja inaruhusu ingizo kuingia na nyingine imekata duara. Ikifungwa, ingizo linakatwa na duara linaunganishwa, na geti hizo mbili zinaendelea kukumbushana thamani ile. Kama ingizo linabadilika hasa wakati wa kufunga, duara linaweza kunasa volti ya katikati, isiyo 0 wala 1, na likasitasita kabla ya kuangukia upande mmoja. Hapo ndipo unapotoka ule muda wa kutulia kabla na baada ya ukingo unaousoma kwenye waraka wa data: ni lachi ya kwanza ndani ya flipflopu inayoomba iachwe ifunge kwa amani. Lachi iliyouzwa peke yake nayo ina sharti hilo hilo, isipokuwa lake linahesabiwa kuanzia pale inapofungwa.

Basi kwa nini 373 bado inauzwa? Nitakupa kazi ambayo ukiweka 374 ndiyo itakayokuharibia. Prosesa ya 8085, na vilevile 8051, hutumia miguu 8 ile ile kwanza kutoa sehemu ya chini ya anwani, kisha kupitisha data. Ili kumbukumbu ipate anwani kamili, lazima kitu fulani kiishike ile anwani kabla miguu haijabadili kazi, na prosesa inatoa ishara iitwayo ALE kwa ajili hiyo. ALE inapanda, anwani inatokea kwenye miguu, kisha ALE inashuka wakati anwani ingali pale imetulia.

Weka 373 hapo, ALE ikiingia LE. Lachi inakuwa wazi, anwani inapotulia tu inapita hadi kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu inaanza kutafuta hata kabla ALE haijashuka. ALE inaposhuka, anwani inashikwa, na miguu iko huru kupitisha data. Weka 374 bila kubadili kitu kingine, nayo itanasa kwenye ukingo wa kupanda wa ALE, wakati ambapo hakuna uhakika kwamba anwani imekwisha kutulia, utashika takataka. Unaweza kuigeuza ALE kwa geti moja ili flipflopu inase ALE inaposhuka, na utapata anwani sahihi, lakini kumbukumbu itaipata ikiwa imechelewa, baada ya ALE kushuka, ilhali lachi ingeipa mapema na bure. Hapa hakuna kitanzi kinachorudi nyuma, na chanzo cha data kinajua wakati wake. Katika mazingira hayo ule uwazi uliokutesa kwenye kihesabio ndio faida yenyewe.

Faida hiyo hiyo, ikipelekwa ndani ya chipu yenye kasi, inaitwa kukopa muda, na ningependa uielewe kwa namba kwa kuwa inaonyesha vilevile gharama yake. Chukua kazi iliyogawanywa hatua 2. Data inatoka flipflopu A, inapita mantiki ya nanosekunde 12, inafika hifadhi ya kati B, inapita mantiki nyingine ya nanosekunde 7, na inaishia flipflopu C. Tuache ucheleweshaji wa hifadhi zenyewe ili hesabu isichoshe. Kama B ni flipflopu, saa haiwezi kuwa chini ya nanosekunde 12, karibu megahezi 83, na katika kila mzunguko hatua ya pili inamaliza kazi na kukaa nanosekunde 5 ikisubiri.

Sasa B iwe lachi iliyo wazi saa ikiwa juu, na saa iwe ya nanosekunde 10, nusu juu na nusu chini. A inatoa data wakati 0. Lachi B inafunguliwa wakati 10 na kufungwa wakati 15. Data inafika wakati 12, inaukuta mlango wazi, na inaendelea bila kusimama. Inaongeza nanosekunde 7 na kufika C wakati 19, ilhali C inanasa wakati 20. Saketi inakwenda megahezi 100, kwa sababu hatua ya kwanza imekopa nanosekunde 2 kutoka hatua ya pili na hakuna aliyegundua. Prosesa ya Alpha 21064 iliyotolewa na DEC mwaka 1992 ilijengwa kwa lachi, na kiu ya kasi ndiyo iliyowasukuma wabunifu wake huko.

Deni lenyewe linalipwa upande mwingine. Ndani ya hatua ya kwanza, njia ndefu ni ya nanosekunde 12, lakini huenda kuna biti moja inayopita geti chache tu na kufika B baada ya nanosekunde 3. Fikiria wakati 10, A inapotoa data ya pili. Lachi B iko wazi mpaka 15, ikingoja data ya kwanza ambayo inafika 12. Ile biti fupi ya data ya pili inafika wakati 13, inaukuta mlango bado uko wazi, na inaipita kwa nyuma. Ikiwa mantiki inayofuata inaruhusu, C itanasa mchanganyiko wa data mbili tofauti wakati 20. Ili lisitokee, njia fupi kuliko zote kati ya A na B lazima izidi nanosekunde 5, urefu wote wa uwazi. Mbunifu huongeza geti za kuchelewesha kwenye njia hizo, moja moja, au hufupisha uwazi: lachi ikiwa wazi kuanzia 10 hadi 12.5 tu, mkopo wa nanosekunde 2 bado unatosha na njia fupi zinahitaji kuzidi 2.5 badala ya 5. Huo ndio ule mpigo mfupi niliosema nitaurudia. Ndani ya chipu moja unawezekana kwa sababu kinachotengeneza mpigo na lachi yenyewe vimetoka kwenye kipande kimoja cha silikoni, vinapata joto pamoja na kupoa pamoja.

Tambua uzito wa kosa hilo. Njia ndefu ikikushinda, unapunguza kasi ya saa na saketi inapona. Njia fupi ikikushinda, kupunguza kasi hakusaidii kitu, na kwa saa ya nusu kwa nusu kunazidisha, kwa sababu saa ya taratibu huiacha lachi wazi kwa muda mrefu zaidi. Kihesabio chako kwenye saa ya mpigo mmoja kwa sekunde ni mfano uliokithiri wa jambo hilo hilo: ni saketi ya polepole sana, na bado iliharibika kwa ajili ya kasi. Mtu akikuletea saketi inayokosea, jaribu kwanza kupunguza saa. Isipopona, anza kutafuta kitu kilicho wazi wakati kisipopaswa kuwa wazi.

Lile onyo la FPGA, chipu ambayo mantiki yake unaipanga mwenyewe kwa msimbo, ni habari nyingine. Hapo hukuchagua lachi. Uliiomba bila kujua. Kwenye Vivado, programu ya kuandalia FPGA za Xilinx, linasomeka `[Synth 8-327] inferring latch for variable 'y_reg'`, na mara nyingi chanzo ni kipande kama hiki:

```verilog
always @(*) begin
  if (chagua)
    y = a;
end
```

Umesema `y` iwe nini `chagua` ikiwa 1, ukanyamaza kuhusu 0. Kwa lugha ya Verilog kunyamaza maana yake ni "ibaki ilivyokuwa", na kitu pekee kinachoweza kubaki kilivyokuwa bila saa ni lachi, ambayo sasa `chagua` ndiyo mguu wake wa kufungua. Ishara hiyo imetoka kwenye mantiki ya kawaida, na mruko wake wa nanosekunde 1, ambao kwingine usingemdhuru mtu, hapa unafungua mlango. Mpe `y` thamani ya kuanzia na lachi itatoweka:

```verilog
always @(*) begin
  y = b;
  if (chagua)
    y = a;
end
```

Usidhani pia kwamba kwenye FPGA utaokoa nafasi kwa lachi. Ndani ya chipu inayochorwa kuanzia mwanzo, lachi ni karibu nusu ya flipflopu na inaubebesha waya wa saa mzigo mdogo zaidi, hivyo akiba ipo. Lakini kwenye FPGA hifadhi zimeshajengwa tayari. Katika familia ya 7 ya Xilinx, kila fungu lina hifadhi 8. 4 kati yake zinaweza kugeuzwa lachi, na ukizigeuza, zile 4 nyingine huruhusiwi kuzitumia. Unalipa zaidi kwa kitu kidogo zaidi. Kwa hiyo msimamo wangu kwenye FPGA ni flipflopu kila mahali, na kila onyo la lachi nalihesabu kuwa kosa la kurekebishwa mpaka mwandishi anieleze kwa nini aliitaka.

Kwa kihesabio chako, rudisha 374. Kama huna nyingine lakini una 373 mbili, unaweza kujitengenezea flipflopu na ujifunze mengi kwa wakati huo huo: tokeo la ya kwanza liingie ya pili, saa iende moja kwa moja kwenye LE ya pili, na ipite geti moja ya kugeuza kabla ya kuingia LE ya kwanza. Geti hiyo inaichelewesha ya kwanza kufunga kwa nanosekunde chache wakati ya pili imeshafunguka, lakini mzunguko wote kupitia lachi mbili na kijumlishi ni mrefu kuliko ucheleweshaji huo, kwa hiyo kihesabio kitahesabu sawasawa. Geti moja tu, lakini. Ukiongeza nyaya ndefu na geti nyingine njiani, unarudi kule ulikotoka.

Ukishaweka 374 na taa bado zinaruka, hasa kama zinaruka hatua moja au mbili badala ya kuwaka hafifu, basi huenda tatizo ni umbo la ukingo wa saa yako, na hilo halitambuliki kwa maelezo ya maandishi. Beba bodi nzima kama ilivyo, usiivunje, umpelekee mtu mwenye osiloskopu, na mwangalie pamoja mguu wa 11 wakati unapanda.